Nimevunja bima ya gari katikati ya mwaka, nimerudishiwa robo tu. Hesabu hii imekaaje?

#1 Tausi Mweupe

Habari wakuu. Naomba mnisaidie kuelewa, maana nimekokotoa mara tatu na bado hainiingii.

Nilikuwa na bima kubwa ya gari ya mwaka mzima, ilianza 1 Machi. Ada yenyewe ilikuwa 400,000, na juu yake 20,000 za kodi na ushuru wa stempu, jumla nikatoa 420,000. Tarehe 5 Juni nikaliuza gari. Kesho yake nikamtumia wakala meseji kwamba gari si langu tena, asitishe bima. Akajibu: "Sawa dada, niletee cheti." Cheti kilikuwa kimebaki ndani ya gari kwa mnunuzi. Nikahangaika mpaka nikakipata, nikakipeleka 2 Julai.

Leo wameniingizia 100,000. Mimi nilitegemea karibu 300,000, kwa sababu nilitumia miezi mitatu na siku tano tu, na sijawahi kudai fidia hata siku moja. Nimedhulumiwa au kuna kitu sikioni?

#2 Kijana wa Hesabu

Umedhulumiwa, dada. Hesabu ni nyepesi. Kutoka 1 Machi hadi 5 Juni ni siku 97. Zimebaki 268. Chukua 400,000 gawa kwa 365, zidisha kwa 268, unapata 293,699. Hiyo ndiyo haki yako. Na zile 20,000 nazo warudishe kwa uwiano huohuo. Huwezi kumlipia mtu siku ambazo hajakulinda.

#3 Nyota Njema

Pole sana. Ila hujatuambia ajali ilitokea lini na polisi walipima? Bila ripoti ya polisi fidia huwa inapunguzwa sana, mimi iliwahi kunikuta.

#4 Kobe Mwepesi

Nyota, hakuna ajali hapa. Rudi post ya kwanza usome taratibu. Ameuza gari, anataka salio la bima yake.

#5 Nyota Njema

Ahaa, nimeona "fidia" nikakimbia nayo. Samahani Tausi, naendelea kusoma.

#6 Mzee wa Kaunta

Nimekaa idara ya kuandika bima miaka 19, sasa nimestaafu. Kabla ya kusema dhuluma, dada fungua ule mkataba wenyewe, si cheti wala stakabadhi. Karibu na mwisho kuna kifungu cha kusitisha bima. Kinakuwa na sehemu mbili: kampuni ikisitisha yenyewe, na mteja akisitisha. Soma hiyo ya mteja. Kama inasema utarudishiwa kwa siku zilizobaki, hesabu ya Kijana ni sahihi. Kama inataja jedwali la muda mfupi, hesabu yake haina nafasi hapo. Tuwekee maneno yalivyo.

#7 Tausi Mweupe

Nimekipata. Kinasema mwenye bima anaweza kusitisha wakati wowote kwa notisi ya maandishi ya siku 7, "na kwa sharti la kurudisha cheti cha bima, na iwapo hakuna dai lililotokea katika kipindi husika", atarudishiwa ada baada ya kampuni kubakiza ada ya muda mfupi. Halafu kuna jedwali la kile wanachobakiza:

Isiyozidi mwezi 1: asilimia 25
Isiyozidi miezi 2: asilimia 35
Isiyozidi miezi 3: asilimia 50
Isiyozidi miezi 4: asilimia 60
Isiyozidi miezi 6: asilimia 75
Isiyozidi miezi 8: asilimia 90
Zaidi ya miezi 8: ada yote

Kusema kweli sikuwahi kuusoma ukurasa huu.

#8 Mzee wa Kaunta

Basi tazama kilichokupata. Miezi minne ya bima yako iliisha 30 Juni. Wewe ulipeleka cheti 2 Julai. Kwa kuwa kifungu kimefunga kusitisha na kurudisha cheti, wao wamehesabu kutoka siku waliyokipokea, siku ya 124. Umevuka mwezi wa nne kwa siku mbili, na jedwali halina mstari wa miezi mitano, kwa hiyo umedondokea kwenye "isiyozidi miezi 6". Wakabakiza asilimia 75, yaani 300,000. Iliyobaki ndiyo hiyo 100,000 uliyoiona.

Ungekuwa ndani ya mwezi wa nne wangebakiza asilimia 60, ambayo ni 240,000, ukapata 160,000. Siku mbili zimekugharimu 60,000. Uchungu ninauelewa, lakini kwa maandishi yao hawajakosea kukokotoa. Kama kuna kosa, liko kwenye tarehe waliyoanzia. Hapo ndipo ningepigania.

Kuhusu 20,000, nyingi ya hizo hukabidhiwa serikalini mara bima inapotolewa. Ushuru wa stempu unalipiwa kutolewa kwa hati, na hati ilishatolewa. Usiziweke sana kwenye matumaini, ila waulize kodi iliyotozwa kwenye sehemu ya ada inayorudi wameifanyaje. Baadhi ya kampuni huirekebisha, nyingine hazigusi mpaka uulize.

#9 Kijana wa Hesabu

Mzee shikamoo, lakini hili haliingii akilini. Gari likishauzwa, mwenye bima hana tena maslahi kwenye lile gari. Bima imekufa 5 Juni yenyewe, hata bila meseji. Kitu kilichokufa kinaendeleaje kula hela hadi 2 Julai?

#10 Mzee wa Kaunta

Marahaba. Nusu umepatia. Kwa uharibifu wa gari lenyewe, ni kweli, baada ya 5 Juni Tausi asingelipwa kitu, maana si lake. Lakini bima ya gari ina upande wa pili, wa watu wengine barabarani. Yule mnunuzi akimgonga mtu huku cheti halali kiko kwenye gari, sheria za nchi nyingi zinaweza kuibana kampuni imlipe aliyegongwa kwanza, halafu ndiyo ibishane na mnunuzi baadaye. Kwa hiyo cheti kikiwa nje, kampuni inajiona bado imebeba mzigo. Ndiyo maana wanang'ang'ania karatasi ile irudi.

Na kama cheti kimepotea au mnunuzi hakitoi, usikae mwezi mzima unakitafuta. Unakula kiapo mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha kwamba kimepotea au hukishiki tena, unapeleka hati ya kiapo. Hapo kaunta tulikuwa tunaipokea badala ya cheti. Wakala alipaswa kukuambia hivyo siku ileile ya 6.

#11 Tausi Mweupe

Hakuniambia. Angeniambia ningekula kiapo siku hiyohiyo. Nilimpigia mnunuzi mara nyingi mpaka akaanza kukata simu.

#12 Kobe Mwepesi

Mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Nilivunja bima mwezi wa tano, jedwali lilikuwa linanipa robo. Wakanipa sifuri. Sababu: mwezi wa pili nilidai kioo cha mbele kilichopasuka kwa jiwe. Kioo kidogo tu, thamani yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ada. Nikaambiwa "dai limetokea, hakuna kurudishiwa".

Tausi, lile neno "iwapo hakuna dai lililotokea" ndilo lililonimaliza. Kwako halina shida, lakini wengine mlione. Kama unajua utauza gari karibuni, piga hesabu kama kioo kinafaa kudaiwa au ulipe mwenyewe.

#13 Bahari Kuu

Niongeze la sheria kidogo, maana watu wengi hudhani kurudishiwa ni haki ya asili, halafu mkataba ndio unaipunguza. Kwenye sheria ya bima iliyotokana na Uingereza ni kinyume. Mwaka 1777 kulikuwa na kesi ya Tyrie dhidi ya Fletcher, mbele ya Jaji Mansfield. Meli iliwekewa bima ya miezi 12, ikatekwa baada ya miezi kama miwili, na kutekwa kwa namna ile hakukuwa ndani ya bima. Mwenye bima akasema: miezi kumi hamkubeba hatari yoyote, nirudishieni. Akashindwa. Msingi uliowekwa ni kwamba kama hatari haikuanza kabisa, ada inarudi, lakini hatari ikishaanza, hata kwa siku moja, ada yote imeshapatikana. Haikatwi vipandevipande.

Kwa hiyo pasipokuwa na kifungu cha mkataba au sheria maalumu ya kumlinda mtumiaji, Tausi angepata sifuri. Kifungu kile ndicho kinachompa hata hiyo 100,000. Hesabu ya Kijana kwenye #2 inaanza na mawazo kwamba ada ni kodi ya nyumba ya siku 365, na msingi wa zamani haukuitazama hivyo.

#14 Kijana wa Hesabu

Ya 1777 sawa, lakini sisi hatuna meli hapa. Nauliza uadilifu. Kwa hesabu ya siku hata wakianzia 2 Julai, zimebaki siku 241, inatakiwa 264,110. Wamempa 100,000. Hiyo 164,110 inaenda wapi? Mimi nasema ni kamisheni ya wakala. Walishamlipa na haitoki kwake tena.

#15 Mzee wa Kaunta

Si kamisheni. Tulikuwa tunaikata kwa wakala pale bima inaporudishwa, na baadhi yao walikuwa wakichelewesha barua za kusitisha kwa sababu hiyohiyo. Sisemi wa Tausi alifanya hivyo.

Nilivyofundishwa, jedwali linatokana na mambo mawili. Gharama za kuandika bima, kukagua gari na kuandaa hati zinatumika siku ya kwanza, si kidogokidogo kila siku. Ndiyo maana mwezi wa kwanza unakula asilimia 25 wakati mwezi ni kama asilimia 8 tu ya mwaka. Pili, bila jedwali mtu angenunua bima ya mwaka, akaendesha kipindi chenye ajali nyingi, akavunja na kuchukua salio. Bima ya muda mfupi inauzwa ghali kuliko kipande cha mwaka, na jedwali linakugeuza uwe kama uliyenunua bima ya muda mfupi tangu mwanzo.

#16 Zawadi ya Jioni

Mzee, sababu ya kwanza nakubali, ya pili siipokei. Gharama za siku ya kwanza haziwezi kupanda kutoka asilimia 25 hadi 75. Zingebaki palepale. Na anayeuza gari hakuchagua kipindi chenye ajali. Mimi nafanya uhasibu, nimeona mikataba inayokokotoa siku zilizobaki kisha kukata asilimia 10 tu ya hapo. Kwa Tausi ingekuwa 264,110 toa 26,411, apate 237,699. Ni kampuni za bima vilevile, zina wakala na gharama vilevile, na hazijafilisika. Jedwali ni desturi ya zamani iliyobaki kwa sababu wateja hawasomi ukurasa ule.

#17 Mzee wa Kaunta

Hiyo ya asilimia 10 ipo, sibishi. Na sikatai kwamba jedwali ni kali, hasa katikati. Lakini si kila desturi ya zamani haina sababu.

#18 Mwanga wa Pwani

Jamani mbona mimi nilirudishiwa kwa siku kamili, bila jedwali wala makato? Niliwekewa bima ya nyumba, baada ya miezi mitano wakaleta barua wanaiondoa, nikapata miezi saba yangu yote.

#19 Bahari Kuu

Kwa sababu wao ndio waliositisha. Ni ile sehemu ya kwanza aliyoitaja Mzee kwenye #6. Kampuni ikiondoka yenyewe kwa kawaida hurudisha kwa siku. Mteja akiondoka ndipo jedwali linapoingia.

#20 Juhudi Kila Siku

Na mimi niulize hapohapo. Bima yangu ya maisha nimeichangia miaka mitatu, nikiivunja leo nitarudishiwa kwa jedwali lipi?

#21 Bahari Kuu

Hiyo ni nyumba nyingine kabisa. Kwenye maisha ya muda mrefu unauliza thamani ya kukatisha, na miaka ya mwanzo inaweza kuwa ndogo sana au isiwepo. Fungua uzi wake, hapa tutamchanganya Tausi.

#22 Bahari Kuu

Tausi, jambo la msingi sasa. Huyo uliyemtumia meseji 6 Juni ni wakala wa kampuni, au ni dalali wa bima anayeuza za kampuni nyingi? Usijibu kwa kukisia, angalia stakabadhi. Tofauti ni kubwa. Wakala ni mkono wa kampuni: ukimpa notisi ndani ya kazi aliyopewa, unaweza kusema umeipa kampuni. Dalali kwa kawaida ni mtu wako wewe. Ukimwambia yeye na asipofikisha, kampuni itasema haikujua.

#23 Tausi Mweupe

Nimeangalia. Stakabadhi ina jina la kampuni, chini imeandikwa "Wakala" na namba yake ya uwakala. Meseji bado ninayo na jibu lake.

#24 Bahari Kuu

Basi una hoja. Notisi ya maandishi ilimfikia mkono wa kampuni 6 Juni. Hata wakiongeza zile siku 7, unaangukia 13 Juni, ndani ya mwezi wa nne. Asilimia 60, si 75. Wao watajibu kwamba cheti ni sharti na kilikuja 2 Julai. Wewe utasema kifungu kinasema cheti kirudi ndipo ulipwe, hakisemi bima itahesabiwa kuwa hai mpaka siku ya cheti. Soma tena maneno: sharti la kurudishiwa si lazima liwe tarehe ya kusitisha.

#25 Mzee wa Kaunta

Hapo sisi wawili tunatofautiana. Kaunta tulikisoma kifungu hicho kama tarehe ya cheti, na sijaona mteja akishinda kirahisi, kwa sababu ya ule mzigo wa watu wa barabarani niliousema. Lakini maneno aliyoyaweka Tausi kweli hayataji tarehe. Aandike. Adai 60,000 ya nyongeza tu, asidai 293,699, maana wakiona hiyo watajibu jedwali na kufunga faili.

#26 Zawadi ya Jioni

Naunga mkono. Na barua iende kampuni yenyewe, idara ya malalamiko, nakala kwa wakala. Isiishie kwa wakala peke yake.

#27 Faraja Njoo

Tausi, kabla ya kuandika: ada ulilipa mwenyewe au kuna mkopo? Mimi ada ilikopeshwa na benki, niliposubiri salio likaingia benki moja kwa moja kupunguza deni. Nilizunguka wiki tatu nikiidai kampuni ambayo ilishalipa.

#28 Tausi Mweupe

Nililipa mwenyewe kwa mkupuo. Asante Faraja.

Nimeandika hivi, mnisahihishe:

> Tarehe 6 Juni nilitoa notisi ya maandishi ya kusitisha bima kwa wakala wenu mwenye namba iliyo kwenye stakabadhi, naye akaithibitisha siku hiyohiyo. Nimeambatanisha picha ya meseji na hati ya mauzo ya gari ya 5 Juni. Notisi ya siku 7 iliisha 13 Juni, ndani ya mwezi wa nne. Kifungu chenu kinaweka kurudisha cheti kuwa sharti la malipo, na cheti mmekipokea. Hakuna dai lililotokea. Naomba mkokotoe upya kwa asilimia 60 na kunilipa 60,000 iliyobaki, au mnionyeshe kwa maandishi kifungu kinachofanya tarehe ya cheti kuwa tarehe ya kusitisha.

#29 Bahari Kuu

Usibadilishe hata neno. Sentensi ya mwisho ndiyo itakayowafanya wafungue mkataba.

#30 Mzee wa Kaunta

Ongeza ombi la kuonyeshwa mchanganuo wa ile kodi. Na dada, je, ulinunua gari jingine?

#31 Tausi Mweupe

Nilinunua wiki iliyopita, nikalikatia bima mpya kampuni nyingine. Kwa nini?

#32 Mzee wa Kaunta

Kwa sababu ungeomba bima ihamishiwe gari jipya badala ya kuivunja. Wanatoa nyongeza ya mkataba, gari la zamani linatoka, jipya linaingia, na tofauti ya ada hukokotolewa kwa siku zilizobaki. Jedwali haligusi. Cheti cha zamani kingetakiwa vilevile, lakini hizi 300,000 zingebaki zinakufanyia kazi. Sikukutajia mapema kwa sababu hukusema kama unanunua jingine. Ningekuuliza siku ya kwanza.

#33 Kobe Mwepesi

Hili la kuhamisha sikulijua kabisa. Mzee, inawezekana hata kama kuna miezi kati ya kuuza na kununua?

#34 Mzee wa Kaunta

Baadhi ya kampuni zinakubali bima isimamishwe huku cheti kikiwa kwao, kwa muda watakaoukubali kwa maandishi. Lazima uombe kabla ya kuvunja. Ukishavunja hakuna cha kuhamisha.

#35 Tausi Mweupe

Mrejesho wakuu. Nilipeleka barua Jumatatu, wakagonga muhuri nakala yangu. Leo wamenipigia. Ya kodi wamekubali kuangalia. Kuhusu tarehe, yule dada wa malalamiko anasema "utaratibu wetu ni tarehe ya cheti". Nikamwomba anisomee kifungu kinachosema hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema anapeleka kwa mkuu wake na nitajibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14.

#36 Kijana wa Hesabu

Bado nasema 293,699. Ila hiyo kunyamaza kidogo nimeipenda.

#37 Mzee wa Kaunta

Ukilipokea jibu, lilete hapa kabla hujasaini chochote. Wakikupa hati ya kukubali malipo yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho", usisaini kwa ile 100,000.